Barua ya Krismasi ya ukoo: futa hiyo orodha ya miezi kabla hujachapa

«Wakuu, nipo Uingereza, mke wangu ni wa huku. Kwao kila Krismasi wanaandika barua ya mwaka mzima, wanaichapa na kuitia ndani ya kadi za ndugu na marafiki wote. Mwaka huu nimetupiwa mimi. Nimeshapanga: Januari kupandishwa cheo, Aprili kununua nyumba, Juni mtoto kufaulu, Agosti safari ya Dubai. Iwe kurasa ngapi? Picha niweke ngapi? Nitume lini? Na watu wa Bongo niwatumie hiyo hiyo?»

Kaka, usichape kitu. Huo mpangilio wako wa Januari, Aprili, Juni, Agosti ndio ulionimaliza mimi, na hao wachangiaji wengine wanaokushauri fonti na maua ya pembeni wanakusindikiza shimoni kwa vigelegele.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa huku. Krismasi ya 2018 mume wangu alikuwa anafanya kazi za usiku, kwa hiyo barua ikaniangukia. Nikamuuliza wifi yangu, niandike nini? Akasema, «Andika kila kitu, watu wanapenda kujua.» Nikaingia mtandaoni nikakuta kiolezo kina visanduku kumi na viwili, kila mwezi na chake. Nikavijaza vyote kama mtu anayeomba kazi. Februari mume kapewa cheo. Mei tumelibomoa jiko na kulipanua hadi bustanini. Julai binti kafaulu mtihani wa kuingia shule ya kuchaguliwa. Agosti wiki mbili Unguja, na hoteli nikaitaja. Oktoba sikuwa na kitu, nikaweka gari. Mwisho, kwa kuwa nimelelewa kanisani, nikamalizia na sentensi ya ushuhuda kabisa: kwa unyenyekevu mkubwa tunamshukuru Mungu kwa mwaka wa mafanikio. Kurasa mbili, Kiingereza kimenyooka. Niliisoma nikajipongeza.

Siku ya pili ya Krismasi tukaenda kula kwa shangazi wa mume wangu. Huku kadi zinatundikwa kwenye utepe ukutani, kila mgeni anazipitia kwa macho akitafuta yake. Yetu ilikuwepo, barua haipo. Tukakaa mezani. Kijana wake wa miaka kumi na sita akanyoosha mkono kwa mama yake, uso mkavu kabisa, akasema: «Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba mchuzi.» Mdogo wake akadakia: «Mei, jiko.» Wakaangua kicheko. Shangazi akawakemea, lakini kemeo lenyewe la mtu anayejua walikotoa. Barua ilikuwa imeshasomwa mezani hapo hapo, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

Mimi nikacheka nao, maana ungefanyaje, ukalie viazi? Tukiwa jikoni tunakausha vyombo ndipo nikaambiwa kwamba mume wa huyo shangazi alikuwa ameachishwa kazi tangu kiangazi, nyumba iko sokoni, na yule kijana aliyeomba mchuzi kwa unyenyekevu alikuwa ameanguka mitihani yake. Bahasha yetu iliwafikia wiki ile ile waliyoanza kuonyesha nyumba kwa wanunuzi. Fikiria unasoma kuhusu jiko la mwenzio huku la kwako linapimwa na wageni.

Mwaka uliofuata kadi yao haikuja. Huku hawagombani kama kwetu, hakuna atakayekupigia simu usiku akutukane ukajua moja. Unaondolewa tu kwenye orodha. Na huyo shangazi ndiye aliyekuwa anatukalia watoto Jumamosi. Alianza kuwa na shughuli, kila Jumamosi shughuli. Tukawa tunalipa mlezi. Kwa hiyo mtu akiniambia barua ni karatasi tu, namwonyesha risiti.

Bado Bongo. Nikaipiga picha ile barua nikaitupia kwenye kundi la familia la WhatsApp, na kijana mmoja mwenye Kiingereza chake akawatafsiria wazee. Mizinga iliyofuata! Ada ya Januari, bati za mama mdogo, mchango wa harusi ya mtu ambaye hata ukoo wetu nautafuta hadi leo. Nikijitetea kwamba hali ngumu, najibiwa kwa upole kabisa: «Lakini mwanangu, si mmebomoa jiko zima wenyewe?» Sikuwaambia kwamba jiko ni mkopo wa benki, kwa sababu barua za aina hii haziandiki mkopo. Zinaandika jiko. Basi jibu la swali lako la mwisho ni hapana, Bongo usitume. Piga simu, uliza za kwao kwanza.

Huyo wifi yangu nikamfuata baadaye. Unajua aliniambia nini? Kwamba yeye hajawahi kuandika barua ya namna hiyo, mumewe hazipendi. Sasa ushauri ulikuwa unautoa wapi, dada wee? Na aliyetengeneza kile kiolezo, popote alipo, namwombea jiko lake livuje. Visanduku kumi na viwili vinakulazimisha utafute tukio hata pale ambapo hakuna, na tukio linalokuja haraka kichwani ni ulilonunua au ulilopewa.

Wenyeji wenyewe barua hizi huwa wanazicheka tangu zamani. Mwandishi mmoja wa gazeti la Guardian aliomba wasomaji wamtumie zilizowakera, akapata za kutosha kutoa vitabu. Kadi ya Krismasi yenyewe ilianza 1843 kwa sababu Henry Cole, mtu wa shughuli nyingi London, hakuwa na muda wa kumwandikia kila mtu, akachapisha moja kwa wote. Kasoro ni ile ile hadi leo: mwenye furaha na mwenye msiba wanapata maneno yale yale, na hakuna anayeweza kukukatiza. Kwetu ukisimulia sana mtu anakwambia «na mama hajambo?», unateremka. Karatasi haikatizwi.

Kanuni yangu ni moja. Kabla hujaandika, chukua orodha ya majina kwenye bahasha, mtafute aliyekuwa na mwaka mbaya kuliko wote, kisha andika barua nzima kwa huyo mmoja. Sio umtaje, wala usimpe pole ndani ya barua ya watu wote, hilo nalo ni balaa. Unaandika tu kama vile yeye amekaa mbele yako. Usipomjua, muulize mkeo. Akisema wote wako salama, muulize tena, maana huku shida hazitangazwi.

Tuchukue hiyo orodha yako uone inavyobadilika. Nyumba: habari ya nyumba ni anwani. Iandike juu kabisa, «Tumehama, anwani yetu mpya ni hii», na hapo imekwisha, maana msomaji anaihitaji ili akutumie kadi mwakani. Idadi ya vyumba haimhusu. Cheo: kiache, isipokuwa kama kimebadili kitu kwa wasomaji, tuseme sasa unashinda mji mwingine katikati ya wiki na mkeo anafurahia wageni jioni. Hapo andika kuhusu wageni. Mtoto: usiandike alama. Andika ameanza sekondari Septemba, kisha kitu kimoja alichofanya ambacho ungemsimulia jirani ukicheka, kwa mfano alivyopika chapati akazima kengele ya moshi kwa ufagio. Muulize mwenyewe kwanza kama anakubali, maana barua hii itamfuata kwenye kila chakula cha mchana cha ukoo. Dubai: hoteli hapana, bei hapana. Kama ulipotea uwanja wa ndege ukaokolewa na dereva anayeongea Kiswahili, hiyo iweke, ipe aya nzima. Watu hawakumbuki safari ya mtu, wanakumbuka alivyoaibika.

Angalia na majigambo ya kujificha, huku wanayanusa haraka kuliko yale ya wazi. «Nimechoka na hizi safari za kikazi za Zurich» hiyo ni Zurich, kaka, uchovu umeuweka kama kitambaa juu ya sahani. Unataka kujua sentensi ni ya namna hiyo? Toa lalamiko, uone kinachobaki. Kikibaki kitu cha kuonea wivu, futa yote. Kikibaki kichekesho dhidi yako, iache.

Mabaya yasifichwe, lakini yasirundikwe. Kama baba mkwe kafanyiwa upasuaji wa nyonga na sasa anatembea na fimbo, sentensi mbili zinatosha, tena zinawapa wengine ruhusa ya kusema ya kwao. Kifo ni jambo jingine. Mtu yeyote wa karibu asijue msiba kwa mara ya kwanza kwenye karatasi iliyochapwa, katikati ya mbwa na likizo. Hao wapigiwe simu au waandikiwe kwa mkono mapema, ndipo barua ya Desemba iutaje kwa ufupi.

Kurasa: moja. Upande mmoja wa A4, maneno kama mia tatu na hamsini hadi mia nne. Zaidi ya hapo unaanza kutafuta vya kujazia, na gari langu la Oktoba likaingia hivyo hivyo. Karatasi moja ya kawaida ni gramu 5, haitakusumbua kwa uzito. Ikunje mara mbili iingie kwenye kadi ndogo, maana bahasha ikizidi sentimita 24 kwa 16.5, au unene milimita 5, posta ya huku inaihesabu barua kubwa, na stempu ikipungua anadaiwa aliyetumiwa. Yaani umringie, halafu alipie.

Chini ya kila nakala acha nafasi ya vidole vitatu, uandike kwa kalamu mistari miwili ya huyo mtu peke yake, na angalau mmoja uwe swali kuhusu yeye: bustani, goti, mjukuu. Kama hujui umuulize nini mtu, huyo mtumie kadi tupu, barua ya nini?

Ukimaliza, mpe mkeo aisome kwa sauti mezani, wewe ukiwa kimya. Sauti yake ikianza kuwa ya mtangazaji wa habari, sentensi hiyo ikate hapo hapo, usibishane naye. Rasimu ukiiweka hapa nitaipitia, ila ikianza na «Januari» siifungui.