Korona na karakana hazitaki muundo mmoja

Wewe unayeanza kazi ya uendeshaji hapa Tanga, kuna mkabala utakaousikia ukiitwa "wa dharura". Jina hilo linapotosha, maana hauhusu moto wala ajali. Unachosema ni kwamba hakuna muundo wa kampuni ulio bora kila mahali. Unaofaa hutegemea hali ya soko, teknolojia na ukubwa wa kampuni. Mwaka 1961 watafiti Burns na Stalker, baada ya kuchunguza viwanda vya Uskochi na Uingereza, walieleza kuwa ngazi kali za amri hufaa soko likiwa tulivu, na hukwama soko na teknolojia vinapobadilika haraka.

Chukua kampuni ya mfano yenye korona, mashine ya kutoa singa, yaani nyuzi, kwenye majani ya mkonge, shambani Muheza na karakana ya mikoba ya mkonge mjini. Majani yaliyokatwa hayangoji: yakikauka, singa hutoka kwa shida. Kwa hiyo mkato, korona, kuanika, kupiga brashi, kupanga madaraja na kufunga marobota ya kilo 250 vinafuatana kila siku vilevile. Hapo taratibu zilizoandikwa na msimamizi mmoja mwenye sauti ndivyo vinavyotakiwa.

Karakanani mambo ni mengine. Mnunuzi wa nje amebadili rangi na anataka sampuli ndani ya siku 10. Ombi linakaa mauzo siku 2, kwa mbunifu 3, fedha 3, kwa meneja mkuu 4. Zimeshapita siku 12 na uzi haujaguswa na rangi. Angalia vizuri: hakuna mvivu hapo. Kuwahimiza watu hakutasaidia, kwa sababu kinachochelewesha ni njia yenyewe.

Waweke pamoja mtu wa mauzo, mbunifu, fundi wa rangi na mtu wa fedha, na uwape kiwango cha matumizi, tuseme shilingi laki 5 kwa sampuli, bila saini ya juu. Kisha awepo mratibu. Hapa wengi hukosea: humpa kazi hiyo kijana mpya kwa kuwa ana nafasi. Utafiti wa Lawrence na Lorsch wa mwaka 1967 ulionyesha kuwa waratibu waliofanikiwa walisikilizwa kwa ujuzi wao kuliko kwa cheo. Fundi wa rangi hatamsikiliza asiyejua uzi wa mkonge hunywaje rangi.

Kosa la pili ni kuufurahia uhuru huo hadi kuupeleka kwenye korona. Kila zamu ikianza kuamua yake, majani yatarundikana.

Utajuaje mpaka uwe wapi? Kwa wiki 4 andika daftarini kila jambo lililopandishwa kwa meneja. Linalojirudia lilelile, liandikie kanuni. Linalokuja kwa sura mpya kila mara, shusha uamuzi wake kwa wanaolishika. Rudia zoezi baada ya miezi 6, kwani mnunuzi akitulia na kuagiza mkoba uleule, vikao vya timu vinakuwa gharama tu, na mkoba huo unastahili kurudishwa kwenye kanuni.