Baiskeli barabarani: maswali yenu kuhusu taa, riflekta na kupitana

Naenda kazini Busia kwa baiskeli nikitokea Bumala. Matatu hunipigia honi nitoke kwenye lami. Nina haki ya kuwa pale?

Unayo. Mwaka 2009 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, na mkataba huo unamhesabu mwenye baiskeli kuwa dereva kama madereva wengine. Usiporuhusiwa ni kwenye barabara kama ile ya juu ya kulipia jijini Nairobi.

Kaa kushoto, ila usijibane kwenye ukingo wenyewe. Sehemu nyingi murram imeliwa na mvua na lami imebaki juu kama ngazi. Gurudumu likishuka pale kisha ukajaribu kulipandisha, linateleza sambamba na ukingo na unaangukia upande wa kulia, mbele ya gari. Acha kama sentimita 70 kati ya gurudumu na ukingo. Honi isikusukume kwenye hiyo ngazi.

Baiskeli yangu ina riflekta nyekundu nyuma. Si inatosha usiku?

Haitoshi. Mkataba huohuo unataka riflekta nyekundu nyuma pamoja na taa: nyeupe au ya manjano mbele, nyekundu nyuma. Tena unataka breki inayoshika na kengele inayosikika.

Riflekta haina mwanga wake, inarudisha tu ule unaoipiga. Gari linalotoka barabara ya pembeni halikumuliki, kwa hiyo dereva wake haioni. Ikiwa na vumbi, au imepinda ikatazama chini, hata wa nyuma yako haioni vizuri.

Chukua gari linalokuja nyuma yako kwa kilomita 80 kwa saa, nawe unakwenda 15. Linakukaribia kwa takriban mita 18 kila sekunde. Taa zake zikiwa zimeshushwa, mtu mwenye nguo nyeusi anaweza kuonekana akiwa mita 40 tu mbele. Hizo ni sekunde mbili na kidogo, na kabla mguu haujafika kwenye breki moja imeshapita. Taa nyekundu inayoonekana kutoka mita 200 inampa dereva sekunde 11. Ana muda wa kukutambua, kupunguza mwendo na kungoja nafasi.

Kama unatumia dinamo, kumbuka kwamba ukisimama taa inazimika. Kwenye makutano unabaki na riflekta peke yake, ndiyo maana vyote viwili vinahitajika. Mimi ningeongeza taa ndogo ya betri nyuma, na riflekta za manjano kwenye pedeli: zinapanda na kushuka, na dereva anatambua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu.

Mimi ni dereva wa lori. Nimpite mwenye baiskeli kwa umbali gani?

Mkataba unataka umwachie nafasi ya kutosha ubavuni. Ujerumani imeweka kipimo cha mita 1.5 mjini, nami nakushauri ukishike hichohicho, na kwa kasi ya barabara kuu uzidishe.

Sasa pima njia yako. Mwenye baiskeli, pamoja na usukani wake, anaishia karibu mita moja kutoka ukingoni. Ongeza mita 1.5 za nafasi, kisha upana wa lori, mita 2.5. Jumla ni mita tano, na upande wako wa barabara kwa kawaida una kama mita tatu na nusu. Maana yake huwezi kumpita bila kuingia upande wa pili. Kama kuna gari linakuja, kaa nyuma yake hadi lipite. Kujipenyeza katikati ndiko kunakoua watu.

Ukiwa na trela, usirudi kushoto kwa sababu tu kichwa kimeshampita. Mwangalie kwenye kioo cha kushoto hadi umwone mzima nyuma ya trela. Upepo wa lori pia unamsukuma kwanza, kisha unamvuta kuelekea magurudumu. Mwenye mzigo anayumba zaidi, kwa hiyo mpunguzie mwendo.

Nabeba makaa alfajiri. Gunia linafunika riflekta. Nifanyeje?

Hamishia riflekta na taa kwenye mzigo wenyewe. Zifunge nyuma ya gunia, katikati, zikitazama nyuma moja kwa moja. Gunia likitokeza pembeni, weka riflekta nyingine kwenye ncha ya kulia, kwa sababu hapo ndipo gari litagusa kwanza. Kabla ya kuondoka, rudi nyuma hatua 30 na umulike kwa tochi uliyoishika usawa wa macho. Usipoona wekundu unaong'aa, kamba imelegea au riflekta imeinama.

Si salama zaidi niende upande wa kulia ili niyaone magari yanayokuja?

Hapana, hiyo ni kanuni ya waendao kwa miguu. Ukielekeana na gari, kasi zenu zinajumlishwa: 80 na 15 zinakuwa 95 badala ya 65. Na dereva anayeingia kutoka barabara ya kulia kwako anatazama magari ya upande mwingine, hakutarajii wewe pale.