Akaunti ya mshahara: kifurushi au kulipia kila muamala?

Swali: Mimi ni mwalimu hapa Kisii. Benki inanishawishi nihamie akaunti ya kifurushi ya shilingi 450 kwa mwezi, ambapo kutoa pesa kwenye ATM, agizo la kudumu na taarifa za akaunti ni bure, pamoja na bima ya mazishi. Sasa hivi nalipa 35 kila nikitoa ATM, 50 nikituma M-Pesa, na 200 kwa agizo la kudumu la kupeleka mchango Sacco. Natoa ATM kama mara nne kwa mwezi, na M-Pesa natuma mara tano. Nihame?

Jibu: Hapana mwalimu, kwa matumizi hayo usihame.

Tuanze na ushuru, kwa sababu kwenye bango la matangazo huwa hauonekani. Ada za benki nchini Kenya hutozwa ushuru, nami hapa nitahesabu kwa asilimia 15, na vitabu vya ada aghalabu huandika bei kabla ya ushuru huo. Fungua taarifa ya akaunti yako: ukiona chini ya kila ada kuna mstari mwingine mdogo wa EXCISE DUTY, basi bei ulizonitajia bado hazijakamilika. Nachukulia kwamba ndivyo ilivyo. Kifurushi cha 450 kinakuwa 517.50, ATM inakuwa 40.25, M-Pesa 57.50, na agizo la kudumu 230.

Kwa mwezi unalipa 161 za ATM, 287.50 za M-Pesa na 230 za Sacco, jumla 678.50. Ukiitazama jumla hiyo pembeni ya 517.50, kifurushi kinaonekana rahisi, na hapo ndipo wengi hunaswa. Soma tena orodha ya vitu vya bure: kutuma M-Pesa hakumo. Vifurushi vingi huacha nje huduma zinazopitia kampuni nyingine, yaani M-Pesa, Pesalink na ATM za benki nyingine. Kwa hiyo ukihama utalipa 517.50 na zile 287.50 za M-Pesa zitabaki palepale. Jumla inafika 805. Umeongeza 126.50 kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni 1,518.

Kifurushi kingeanza kukufaa lini? Agizo la kudumu linakuokolea 230, hivyo ATM inapaswa kufidia 287.50 zilizobaki. Gawanya kwa 40.25 upate saba na kidogo. Yaani ungehitaji kutoa pesa mara nane kwa mwezi, kwenye ATM za benki yako mwenyewe.

Lakini kuna mambo mawili yatakayokusaidia zaidi ya kubadilisha akaunti. Kwanza, mchango wa Sacco si lazima upitie benki. Sacco nyingi za walimu hukata moja kwa moja kwenye mshahara; jaza fomu yao ya makato, halafu subiri makato yaonekane kwenye hati ya mshahara ndipo ufute agizo la benki. Ukilifuta mapema utakosa mchango wa mwezi mmoja, na kama una mkopo utahesabiwa umechelewa. Ukiacha agizo liendelee, utachangia mara mbili. Hatua hiyo moja inashusha gharama yako hadi 448.50, na hapo kifurushi hakina hoja tena.

Pili, unganisha safari za M-Pesa. Ukituma mara mbili badala ya tano, unaweza kuokoa hadi 172.50. Angalia tu viwango vya benki yako, maana ada hupanda kadiri kiasi kinavyoongezeka. Kiasi kikubwa kinaweza kuingia ngazi ya juu na kupunguza akiba hiyo.

Kuhusu bima ya mazishi, ipe thamani ya pesa ikiwa tu ungeinunua hata bila kifurushi. Omba karatasi ya masharti, si kipeperushi. Tafuta humo kiasi kinacholipwa, kama mwenzi na wazazi wamo, muda wa kusubiri kabla bima haijaanza kufanya kazi, na siku za mwisho za kudai. Familia ikiwa haijui kwamba bima ipo, hakuna atakayedai, na makato yatakuwa yamekwenda bure.

Ikiwa baadaye utaamua kuhama, uliza maswali mawili kabla ya kutia sahihi. Mshahara ukichelewa, ada ya mwezi inakatwaje? Kwenye akaunti nyingine deni hujikusanya, kisha hukatwa kwa mkupuo pesa zikiingia. Na je, namba ya akaunti inabaki ileile? Ikibadilika, peleka namba mpya kwa mwajiri, TSC kwa upande wako, na usifunge akaunti ya zamani mpaka mshahara wa kwanza uingie kwenye mpya. Ukiwahi kuifunga, malipo yatarudishwa na utasubiri yatumwe upya.