ED, yaani karatasi ya daktari ya mapumziko ya ugonjwa, ya siku zilizopita: daktari anaweza kuandika nini, na nini hawezi

"Wakuu, nilienda Makete kwenye msiba, nikashikwa na kuharisha na kutapika siku tatu. Sikwenda hospitali, nilikunywa ORS na vidonge vya dukani hadi nikapona. Nimerudi kazini Mbeya, afisa utumishi anataka ED. Daktari anaweza kuniandikia ya siku zilizopita? Naogopa atanifukuza na maneno."

Mkuu, pole na msiba. Mimi ni tabibu, nimekaa miaka mingi kwenye kituo cha afya upande wa Rungwe, eneo lenye mashamba ya chai na kiwanda, kwa hiyo ombi kama lako nimelipokea mara nyingi, hasa Jumatatu asubuhi. Nikueleze linavyoonekana ukiwa upande wa pili wa meza.

Kwanza kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna tarehe ya kuandikwa karatasi, na kuna siku ambazo karatasi inazizungumzia. Tarehe ya kuandikwa ni leo, basi. Daktari akiandika tarehe ya Jumanne iliyopita wakati amekuona Ijumaa, ametunga kumbukumbu ya uongo, na hapo leseni yake inaingia hatarini mbele ya Baraza la Madaktari. Lakini kuzizungumzia siku zilizopita anaruhusiwa, ilimradi aseme alichokiona mwenyewe na atenganishe na alichoambiwa.

Kama ulionwa siku ileile ukasahau tu kuchukua ED, hilo ni jambo jepesi. Rudi palepale ulipotibiwa. Jina lako limo kwenye rejista ya wagonjwa wa nje, yaani MTUHA namba 5, au kwenye mfumo wa kompyuta, na anayeandika leo anathibitisha kitu kilichokwisha kuandikwa. Ugumu uko kwa mtu kama wewe, ambaye hakuna aliyemwona.

Nikupe mfano. Kijana wa kiwandani alishuka Kyela kumsaidia mama yake kuvuna mpunga. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Jumatatu hiyo akaamka na homa na kutetemeka, akanunua dawa mseto kwenye duka la dawa muhimu, akameza vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Ijumaa akawa kwangu, homa hana, amechoka, na maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Daktari, naomba ED kuanzia Jumatatu."

Nikwambie ukweli, sentensi hiyo inatufanya tukaze uso. Mgonjwa akianza na karatasi kabla ya ugonjwa, daktari anajiuliza kama ameletewa mgonjwa au ameletewa shida ya mwajiri. Hatuwaoni wote kuwa waongo. Wengi waliugua kweli. Tatizo ni kwamba sahihi yetu inasema "nimeona", na sisi hatukuona.

Basi nikamwambia akae, anieleze ugonjwa wenyewe tangu mwanzo. Alikuwa na boksi tupu la dawa mseto na risiti ya duka. Nikampima. Kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, kikaonyesha chanya. Damu iliyotazamwa kwa darubini haikuwa na vimelea. Asiyejua atadhani vipimo vinapingana, kumbe hapana: mRDT inanasa protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu hata wiki kadhaa baada ya vimelea kufa kwa dawa. Kwa hiyo picha ile inakubaliana na mtu aliyepata malaria karibuni akatibiwa. Ila haisemi ilianza siku gani. Ingeweza kuwa malaria ya wiki mbili kabla. Ndiyo maana maneno ya kwenye karatasi yanapimwa.

Nilimwandikia hivi: "Nimemwona leo Ijumaa. Anaeleza kuwa aliugua homa tangu Jumatatu akiwa Kyela na alitumia dawa ya malaria. Vipimo vya leo vinaendana na maelezo yake. Apumzike leo na kesho." Angalia neno "vinaendana". Sikuandika "nathibitisha alikuwa mgonjwa Jumatatu". Mapumziko niliyoyatoa kwa mamlaka yangu ni yale ya kuanzia nilipomwona. Zile siku nne za nyuma nilimwachia mwajiri azipime. Na ugonjwa wenyewe niliutaja kwa sababu yeye aliridhia. Bila ridhaa yake ningeandika "ugonjwa" tu.

Mwajiri alizikubali. Lakini unajua kilichomsaidia zaidi? Ujumbe wa simu aliomtumia msimamizi wake Jumatatu asubuhi kwamba anaumwa. Karatasi yangu, risiti na ule ujumbe vilisema kitu kimoja.

Kuna mwingine alikuja akiwa mzima kabisa, hana dalili wala boksi la dawa, akasukuma noti mezani, "ya soda, daktari". Nilimrudishia. Baadaye nikasikia kwamba alipata karatasi kwingine, yenye tarehe ya nyuma. Afisa utumishi akapiga simu kule kuuliza kama mtu huyo alionwa siku ile, rejista haikuwa na jina lake. Utoro wa siku mbili pengine ungeishia kwenye onyo. Udanganyifu ndio uliomwondoa kazini.

Kuhusu sheria, watu wanaogopa kuliko inavyosema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Usipoleta cheti cha daktari, inachosema ni kwamba mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo. Cheti kinaweza kutolewa na daktari aliyesajiliwa, au mtaalamu mwingine wa tiba ambaye mwajiri anamkubali, na mwajiri hatakiwi kumkataa bila sababu ya maana. Sisi matabibu tunaingia hapo. Utoro unaoweza kumwondoa mtu kazini, kwa kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, ni ule unaozidi siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika. Wewe ni siku tatu.

Sasa kwako. Kuharisha kukishapona hakuachi alama kama ile mRDT. Ukienda leo umepona, daktari atakuta tumbo laini, ulimi una maji, presha nzuri. Kwa uaminifu atakachoweza kuandika ni kwamba ulifika leo ukaeleza hivi, na kwamba leo hana anachokiona. Karatasi hiyo ni dhaifu, lakini ukitaka iombe, na useme waziwazi: "Sikuonwa siku zile, naomba uandike nilichokueleza na ulichokikuta." Hakuna daktari atakayekufukuza kwa ombi la namna hiyo. Kama bado tumbo linasokota au choo hakijakaa sawa, mwambie, maana hilo anaweza kulipima.

Kisha mwandikie afisa utumishi barua ya ukurasa mmoja. Weka tarehe za kuugua, ulikokuwa, ulichotumia, risiti ya duka kama ipo, na ujumbe wowote uliomtumia bosi au mwenzako kazini wakati unaumwa. Mtu aliyekuwa nawe msibani anaweza kuweka sahihi kwamba alikuona. Mwishoni omba kwamba kama hazitahesabiwa likizo ya ugonjwa, zikatwe kwenye likizo yako ya mwaka. Wapo waajiri wanaokubali hilo haraka, kwa sababu faili lao linafungika. Akikataa kabisa, unapoteza mshahara wa siku tatu.

Ulimpigia mtu yeyote kazini ukiwa Makete? Hilo hujasema, na ndilo ningetaka kulijua kwanza.