Nani anaanza katikati, na futi tatu zinapimwa kutoka wapi

"Wakuu, nimekabidhiwa timu ya netiboli ya wasichana hapa shuleni, na mimi nilicheza volibo tu. Juzi tulifungwa goli la mwisho la robo ya kwanza, tukaanza katikati, tukanyang'anywa mpira, filimbi ya mapumziko ikalia. Robo ya pili wakaanza wao. Halafu mlinda goli wangu, yaani GK, alipulizwa mara nne kwa kumzuia mfungaji wakati hata hakumgusa. Tulionewa?"

Pole mwalimu, ila kwa hilo la kwanza hamkuonewa. Wengi wetu tumekulia kwenye soka, ambako aliyefungwa ndiye anayeanza, basi tunaingia kiwanja cha netiboli na kichwa hichohicho. Huku hakuna cha aliyefungwa wala aliyefunga. Senta wa timu mbili wanapokezana pasi ya kuanza mechi nzima, mmoja baada ya mwingine, hata kama timu moja imefunga magoli sita mfululizo. Zamu haikatwi na mapumziko wala kubadilishana pande. Robo mpya inaendelea pale robo iliyopita ilipoachia.

Nilicheza GK miaka kumi na moja, na siku hizi kwenye mashindano ya shule huwa nakaa meza ya kuandika magoli. Ugomvi wote wa zamu unakuja pale mezani, na karibu kila mara unahusu mwanzo wa robo. Sababu ni hesabu moja ambayo makocha wanaambizana: jumlisha magoli ya timu zote mbili, yakiwa shufwa anaanza aliyeanza mechi, yakiwa witiri anaanza mwenzake. Hesabu hiyo ni kweli, lakini ndani ya robo ya kwanza tu. Ikivuka mapumziko inaweza kukudanganya.

Tuseme wapinzani wako ndio walioanza mechi, na robo ikaisha 7 kwa 6. Hayo ni magoli 13. Pasi ya kwanza ilikuwa yao, ya pili yenu, na kwa mtindo huo ya 13 ikawa yao, wakafunga. Ya 14 ni yenu. Senta wako akaitoa, mkapokonywa, muda ukaisha bila goli. Zamu yenu imeshatumika, ingawa haikuzaa kitu, kwa hiyo ya 15 ni yao na robo ya pili wanaanza wao. Ukihesabu magoli peke yake unapata 13, witiri, unasema "zamu yetu," unaanza kupiga kelele. Mimi mwenyewe nilishawahi kumkimbilia mwamuzi kwa hesabu hiyohiyo, nikarudi nimeinamisha kichwa.

Ila angalia jambo hili. Kama filimbi ya mwisho wa robo ingelia senta wako akiwa bado ameshika mpira, hajautoa, basi pasi ile ingehesabiwa haijapigwa, na robo ya pili mngeanza nyinyi. Ndiyo maana kwenye daftari langu siandiki magoli tu. Kila pasi ya katikati inapotoka mkononi naweka alama ya timu iliyoipiga, goli lipatikane lisipatikane. Mteue mwanafunzi mmoja wa akiba afanye hivyo pembeni. Mkiona mwamuzi ameelekeza mkono upande usio sawa, kapteni aombe meza ithibitishe kabla filimbi ya kuanza haijalia. Mkisubiri goli lifungwe ndipo mlalamike, mmechelewa.

Sasa huyo GK wako. Kutomgusa mtu si utetezi, maana kugusa ni kosa jingine kabisa. Hili la kwake ni la kuzuia kwa karibu mno: mchezaji mwenye mpira lazima umpe sentimita 90, zile futi tatu za wazee, ndipo uinue mikono kuuzuia mpira au njia yake. Ukisimama karibu zaidi mikono iko chini na hujaribu kumzuia, hukuvunja kitu. Ukiinua mikono tu, filimbi.

Watu wanakosea kwenye kupima. Hatupimi kifua kwa kifua wala kiganja kwa mpira. Tunapima chini, mguu kwa mguu. Kwa mfungaji ni mguu aliotua nao alipodaka mpira, na kwako ni mguu wako ulio karibu naye. Akiunyanyua mguu ule, tunapima kutoka pale ulipokuwa umekanyaga. Akitua na miguu yote miwili kwa pamoja na akabaki hivyo, unahesabiwa ule ulio karibu na wewe.

Hapo ndipo raha ya kazi ya GK ilipo. Mfungaji ametua na mguu wa kulia, wewe umekaa sentimita 90 kamili, halafu yeye anapiga hatua ya kushoto kukujia ili aikaribie ringi. Sasa mmekaribiana hata mnasikiana pumzi, lakini kosa si lako, kwa sababu kipimo kiko palepale kwenye mguu wa kulia. Usirudi nyuma! Mabinti wengi wanarudi kwa woga na kumwachia nafasi ya bure. Unaruhusiwa pia kuinama mbele na kunyoosha mkono juu ya mpira, almuradi hugusi mpira ulio mikononi mwake wala mwili wake. Kuruka nako ni ruhusa, lakini ukitua ndani ya zile sentimita 90 mpira haujamtoka na ukamvuruga anapopiga, umekosa.

GK wako, bila hata kumwona, nadhani anafanya kilichoniponza miaka yangu ya mwanzo. Mfungaji anadaka mpira wewe ukiwa umemganda begani. Una haraka kwa kuwa ana sekunde tatu tu za kupiga, basi unarudi nyuma huku mikono tayari iko juu. Mwamuzi anaona mikono juu na miguu bado haijafika. Mpangilio ni miguu kwanza, mikono baadaye: hatua mbili za haraka kurudi, mikono chini, ukishakanyaga ndipo unainua.

Na usilichukulie kosa hili kuwa dogo. Ndani ya duara la kufungia, mfungaji, yaani GS au GA, anapewa achague kupasi au kufunga, na aliyekosa anasimama pembeni ya mpigaji, nje ya mchezo, mpaka mpira umtoke mkononi. Mlinzi mwenzake, GD, anabaki peke yake dhidi ya wafungaji wawili. Anaruhusiwa kumzuia mpigaji akiwa umbali ule ule wa sentimita 90, lakini akienda huko mfungaji wa pili yuko huru chini ya ringi. Halafu GK aliyesimamishwa asijisogezesogeze, ataongezewa adhabu nyingine.

Kipimo cha mazoezi mnacho tayari uwanjani. Duara la katikati lina kipenyo cha sentimita 90. Msimamishe GS ukingo mmoja, arushiwe mpira, GK aanze akiwa amemganda kisha arudi mpaka ukingo wa pili ndipo ainue mikono. Nenda mara ishirini kila siku, wiki mbili, jicho lake litazoea. Kama chokaa imefutika, kateni fimbo ya urefu huo muilaze chini.