Voisi ya mama mdogo ya dakika saba, na lile neno "kesho" lililotuponza

Msimu wa korosho ukianza huku kwetu, familia nzima inaishi kwa voisi. Mimi nipo Mtwara mjini, mama mdogo yupo shamba huko Tandahimba, na mama mdogo hajui voisi ya dakika moja. Anaanza na salamu, anapita kwenye msiba wa jirani, mbuzi waliokula mihogo, jambo lenyewe unakutana nalo dakika ya tano. Kwa hiyo nikawa naigeuza voisi kuwa maandishi kwa simu, alafu nafupisha natupia kwenye grupu la familia ili kila mtu ajue cha kufanya.

Sasa Oktoba moja hivi nikaamka Jumanne tarehe 14 nikakuta voisi yake. Maandishi yake, kipande chenye maana, yalikua hivi:

"basi mwanangu tumezika salama mvua nayo inatutishia sasa eeh nilichotaka kukwambia gari la chama linakuja kesho kutwa ah sio kesho kutwa karani kasema kesho saa mbili mzigo uwe umefika na magunia ninayo sita tu na korosho zitaingia kama kumi sijui hata nitafanyaje paa la jikoni nalo linavuja ukipata nafasi ongea na mjomba ako mwenye pikapu"

Mimi nikaandika kwenye grupu: "Gari la chama Jumatano saa 2, mama mdogo anaomba pikapu ya mjomba." Nikajiona nimemaliza. Kumbe gari hilo la chama cha ushirika lilipita Jumanne hiyo hiyo asubuhi, korosho zake zikabaki ndani zikisubiri gari la mzunguko mwingine.

Kosa lilikua wapi? Voisi ilitumwa saa sita na dakika ishirini usiku. Simu inaandika 0:20, Jumanne, na mimi nikahesabu kesho kuanzia hapo. Lakini mama mdogo alikua hajalala bado, kwake ile ilikua Jumatatu inaendelea, kesho yake ni kukipambazuka. Tangu siku hiyo neno kesho, kesho kutwa, juzi, "wiki ijayo" silipeleki kwenye ufupisho kama lilivyo hata siku moja. Kwanza naangalia voisi imetumwa saa ngapi, alafu naandika siku na tarehe, na ikiwa imetumwa usiku mkubwa napiga simu kuuliza. Saa nayo hivyo hivyo, ukiandika "saa 2" kuna shemeji yupo Dar atasoma saa nane mchana, andika saa mbili asubuhi kwa maneno basi.

Jambo la pili ni kujirekebisha katikati. Kwenye sauti unasikia kabisa ile "ah" kwamba kafuta alichosema, ila maandishi yanakuachia siku mbili zimekaa pamoja hazina hata koma. Ya mwisho ndo ya kuchukua, ile ya kwanza usiibebe.

Alafu maombi. Mama zetu hawasemi "niletee magunia". Wanasema "sijui hata nitafanyaje" wananyamaza, hapo ushaombwa. Ila paa je? Lile sikua na uhakika kama ni ombi au ni kulalamika tu, kwa hiyo siku hizi vitu vya namna hiyo naviweka mstari wa peke yake wa kuuliza, sivigeuzi kazi ya mtu na sivifuti. Na ukitafuta ujumbe wenyewe ulipo, nenda moja kwa moja kwenye "nilichotaka kukwambia" au "sasa basi", mengi ya kabla ya hapo ni salamu. Japo usiruke mwisho, kuna watu jambo zito wanalitupia wakishaaga.

Ufupisho wa siku ile ungetakiwa uwe hivi:

Ujumbe: gari la chama linabeba korosho, mama mdogo kapungukiwa magunia na hana usafiri.
Ya kufanya: mimi nimpigie mjomba kuhusu pikapu, na nitafute magunia matupu 4 (hajaomba wazi, nithibitishe).
Muda: Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa mbili asubuhi mzigo uwe umeshafika chamani.
Kuuliza: paa la jikoni, anataka fundi?

Mistari minne tu. Msiba siuingizi humo, wa msiba napiga simu ya pole mwenyewe.

Na hata huo ungekua na kosa. Baadae nilirudi kuisikiliza ile sauti, kwenye "kumi" kuna jogoo kawika juu yake, mama mdogo alisema "kumi na moja". Magunia yaliyopungua ni matano, sio manne. Kwa hiyo namba zote, hela, kilo, namba za simu, sizitoi kwenye maandishi tena, narudi kwenye sauti sehemu hiyo hiyo nasikiliza mara mbili, alafu namtumia mama mdogo ufupisho wenyewe kwa voisi ya sekunde ishirini, maana kusoma hataki. Yeye ananijibu kwa dakika nne.