Kuhama ofisi Tanga: kodi mbili ndizo zinazokula bajeti

Anayehama ofisi huwaza gari na wapakiaji kwanza, kumbe hilo ndilo fungu dogo. Kinachouma ni zile wiki ambazo unalipia majengo mawili.

Tuchukue ofisi ya watu wanane inayotoka Ngamiani kwenda Chumbageni. Kodi ya zamani ni 600,000 kwa mwezi, mpya 900,000. Funguo zinapokelewa Machi mosi, mafundi wanafanya kazi mwezi mzima, watu wanahamia mwisho wa Machi. Mkataba wa zamani nao unaisha mwisho wa Aprili. Kwa hiyo umelipa 900,000 ya Machi kwa jengo usilolikalia, na 600,000 ya Aprili kwa jengo uliloliacha. Hapo pana 1,500,000.

Mwenye nyumba mpya akitaka miezi sita mbele, siku ya kusaini zinatoka 5,400,000 za kodi na 900,000 nyingine za dipoziti. Katika hizo, gharama ya kuhama ni kodi ya Machi peke yake. Inayobaki ni kodi mtakayoikalia, na dipoziti ni fedha yenu iliyofungiwa. Ziandikwe kando, lakini ziwepo benki. Dipoziti ya jengo la zamani msiitegemee, maana hurudi baada ya ukaguzi, na mara nyingi imekatwa rangi na vitasa.

Ukarabati ndio unaorefusha kodi mbili. Fundi umeme atangulie kupasua kuta na kupitisha mabomba ya nyaya, za intaneti zikiwemo. Ifuate plasta, kisha rangi. Rangi ikitangulia, ukuta utapasuliwa tena na utalipia rangi mara mbili. Halafu Machi ni mwanzo wa masika, na kwa unyevu wa pwani plasta hukauka polepole. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, usipake. Rangi itavimba na kubanduka. Kwa kazi ya 3,200,000 ongeza asilimia 15, yaani 480,000, kwa yatakayoonekana ukuta ukishafunguliwa.

Fuso safari mbili na wapakiaji, tuseme 420,000. Siku mbili za kazi kusimama, kwa wastani wa mshahara wa 30,000 kwa mtu kwa siku, ni 480,000, bila kuhesabu mauzo yaliyopotea. Hameni Ijumaa jioni, ila intaneti iwe imeshajaribiwa kule siku kadhaa kabla. Isipowaka, Jumatatu watu wanane watakaa bure.

Jumla ya gharama ni 6,080,000, na karibu robo yake ni kodi mbili. Kabla ya kusaini, mwombe mwenye nyumba mpya wiki mbili za ukarabati bila kodi, ziandikwe kwenye mkataba. Kwa mfano huu, zingeokoa kama 450,000, zaidi ya bei ya gari na wapakiaji.